Sato unamchanja, kuku mbona humchanji?

*"Naishi Nyegezi, na sato nakaanga vizuri hadi majirani wananiagiza. Kuku ndiye ananishinda. Naacha mafuta yachemke mpaka yaanze moshi, natumbukiza vipande, dakika tano upande huu na tano upande ule vimeshapata rangi nzuri sana. Ukiuma paja, kwenye mfupa nyama ni ya pinki na inatoa majimaji mekundu. Juzi mama mkwe alikuja kutoka Ukerewe, akauma mara moja akarudisha kwenye sahani bila kusema neno. Nikipunguza moto kuku anatoka mweupe amejaa mafuta. Wengine wananiambia nichemshe kwanza. Natumia jiko la gesi, frampeni ya kawaida, na kuku wa kisasa wa kwenye friza. Nakosea wapi?"*

Dada yangu, pole kwa ile sahani. Ukimya wa mama mkwe ni mzito kuliko maneno. Lakini umejieleza vizuri, na katika maelezo yako nimeshaona shida ilipo: unamkaanga kuku kama sato. Mikono yako imejifunza samaki miaka yote hiyo, ikifika kwenye kuku inafanya kilekile inachokijua.

Mfikirie sato wa saizi ya sahani. Ubavu wake ni mwembamba, kutoka ngozi hadi mwiba ni sentimita moja au moja na nusu. Halafu kabla hujamtia kwenye mafuta unamchanja, mistari mitatu minne kila upande. Ukiuliza watu kwa nini wanachanja, wengi watakwambia ni ili chumvi na ndimu viingie. Ni kweli, lakini kazi kubwa zaidi ya ile mistari ni kuyafikisha mafuta ya moto karibu na mwiba. Kwa hiyo dakika tano kila upande zinamtosha.

Paja la kuku ni donge. Kutoka ngozi hadi mfupa unaweza kukuta sentimita mbili na nusu au tatu za nyama, na moto haupenyi nyama kwa hesabu rahisi. Ukiongeza unene mara mbili, muda wa moto kufika katikati hauongezeki mara mbili, unaongezeka karibu mara nne. Ndiyo maana dakika kumi zilizomwivisha sato hadi mwibani zinaliacha paja likiwa limeiva nusu. Rangi ya nje haikwambii lolote kuhusu huko ndani. Ngozi inakaangwa na mafuta yenye joto la nyuzi 170 au zaidi, na ikishakauka maji inapata rangi haraka. Nyama ya ndani imejaa maji, nayo hupanda joto polepole, hatua kwa hatua. Ukiongeza moto, unaiharakisha ngozi tu. Nyama ya mfupani haina habari.

Sasa upande wa mfupa wenyewe una shida yake ya pekee, ambayo watu wachache huitazama. Chukua paja bichi, ligeuze upande usio na ngozi, ulilaze kwenye frampeni kavu. Angalia chini yake. Utaona limesimama kwenye nundu mbili tatu: ncha ya mfupa huku, kifundo kule, na ukingo wa nyama. Katikati ni wazi, kama daraja. Ukiwa na mafuta machache ya kupaka chini tu, pale katikati pembeni mwa mfupa hapaguswi na kitu cha moto. Upande wa ngozi ni tofauti, wenyewe ni laini na unalala wote. Kwa hiyo upande ambao ungehitaji moto zaidi ndio unaopata moto kidogo.

Dawa yake ni mbili, na zote unazijua tayari kwa sababu ya samaki.

Ya kwanza, chanja. Tumia upande wa ndani, ule usio na ngozi. Tafuta mfupa kwa kidole, kisha pitisha ncha ya kisu pembeni yake, kutoka kifundo hadi kifundo, mpaka uhisi kisu kinagonga mfupa. Fanya hivyo upande wa pili wa mfupa pia. Usifike kwenye ngozi. Paja litafunguka kidogo kama kitabu, mfupa ukiwa katikati. Kwa paja la chini, lile lenye kishikio, mstari mmoja mrefu wa ndani unatosha. Kwa kazi hiyo ya nusu dakika umeshapunguza unene ambao moto ulipaswa kuusafiri, na mafuta yana njia ya kuingia hadi mfupani. Chumvi nayo itafuata njia hiyohiyo.

Ya pili, mafuta yawe na kina. Sisemi ujaze karai kama wauza chipsi. Kwenye frampeni ya upana wa sentimita 26, mafuta ya kina cha sentimita moja ni kama nusu lita. Ukiweka vipande vinne, mafuta yatapanda hadi karibu nusu ya unene wa nyama, na lile daraja la chini litakuwa limejaa. Najua bei ya mafuta, lakini nusu lita hiyo huimwagi. Unaichuja na kuitumia tena mara mbili tatu.

Kabla ya kuwasha jiko, tuzungumze kuhusu friza. Kuku ambaye nje amelainika lakini ndani bado ana barafu hawezi kuiva sawasawa hata ufanye nini, maana joto lote linaishia kwenye kuyeyusha ile barafu. Mtoe jana yake usiku umweke chini kwenye friji, ndani ya bakuli. Kama huna friji, mfunge kwenye mfuko usiopitisha maji, umzamishe kwenye maji baridi na kubadilisha maji kila nusu saa. Vipande huchukua saa moja hadi mbili. Kumwacha juu ya meza toka asubuhi hadi mchana, kwa joto la hapa kwetu, sikushauri. Jaribu kwa kidole kwenye kifundo, penye nyama nene. Ukihisi ugumu wa baridi, bado.

Akishayeyuka, tia chumvi. Kwa kilo moja ya vipande, vijiko viwili vya chai visivyojaa vinatosha, na uvisugue hadi ndani ya ile michanjo. Muache nusu saa au zaidi. Tangawizi na kitunguu saumu weka ukipenda, ila kabla ya kukaanga vifute. Vipande vya kitunguu saumu vinaungua mapema sana na kumfanya kuku aonekane ameiva huku akiwa na uchungu. Soya sosi na tomato sosi zina sukari, nazo zinafanya hivyohivyo, afadhali uzitumie mwishoni au mezani. Halafu mkaushe kwa kitambaa safi au karatasi za jikoni. Mkaushe hasa. Maji yakibaki juu ya ngozi, mafuta yatapoteza nguvu yake kuyachemsha kwanza, na hiyo ni nusu ya sababu ya kuku wako mweupe.

Nusu ya pili ni kwamba ulipopunguza moto, uliupunguza tangu mwanzo. Moto wa wastani hauna ubaya wowote. Kibaya ni kumtia kuku kwenye mafuta ambayo hayajafika. Yakiwa tayari, maji ya kwenye ngozi hugeuka mvuke papo hapo na kutoka kwa nguvu, ndiyo yale mapovu. Mvuke ukiwa unatoka, mafuta hayapati nafasi ya kuingia. Na mafuta mengi unayoyaona ndani ya kuku hayakuingia akiwa jikoni, yaliingia baada ya kutoka, pale anapopoa na kuyavuta yale yaliyobaki juu ya ngozi. Kwa hiyo ukimtoa, mweke kwenye chujio au wavu palepale, vipande visilaliane. Ukivirundika kwenye bakuli, vinaoga mafuta ya wenzao.

Moshi usiufanye kipimo. Mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa mtaani bila kusafishwa yanatoa moshi mapema kuliko yale yaliyosafishwa ya dukani, kwa hiyo moshi unakueleza aina ya mafuta kuliko joto lake. Tumia kipande cha mkate chenye ukubwa wa dadu. Kikipata rangi ya kahawia kwa kama dakika moja, mafuta yako tayari. Kikifika huko kwa sekunde 20, yamezidi, zima jiko usubiri kidogo.

Sasa tumpike. Tuseme umenunua kuku wa kilo moja na robo, ukapata mapaja ya juu mawili, ya chini mawili, mabawa mawili na kidari ulichokikata vinne. Anza na mapaja manne peke yake. Frampeni ya sentimita 26 haipaswi kubeba zaidi ya hapo, maana kila kipande cha baridi kinashusha joto la mafuta, na vikibanana mvuke unakosa pa kutokea.

Vilaze ngozi ikiwa chini, ukivielekeza mbali nawe ili mafuta yasikurukie. Sikiliza. Inapaswa kuwa sauti ya mvua kubwa juu ya bati. Mara moja punguza jiko hadi moto wa wastani, sauti ibaki ile ya mvua ya kawaida, isiyoogopesha. Usifunike, usivichokoe. Baada ya dakika nane hivi ngozi itakuwa ya dhahabu, bado haijafika kahawia. Usiisubiri ifike, itarudi tena chini baadaye.

Geuza, upande wa mfupa uwe chini. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo wewe ulikuwa unatoa kuku. Punguza moto tena kidogo, funika na mfuniko, lakini uache upenyo wa kama kidole upande mmoja. Mfuniko unashika joto la mvuke juu ya nyama, kwa hiyo paja linapata moto kutoka chini kwa mafuta na kutoka juu kwa hewa ya moto. Dakika 12. Unapoufunua, uinue ukiwa umelala sawa, kisha uupeleke pembeni ndipo uuinamishe, kwa sababu matone yaliyo chini yake yakiangukia mafuta yatalipuka usoni.

Mvuke umeilainisha ngozi, si kitu. Ondoa mfuniko, geuza ngozi irudi chini, ongeza moto kidogo, dakika tatu. Sasa ndiyo inapata kahawia na ukavu unaovunjika. Jumla ni dakika 23 au 24, zaidi ya mara mbili ya zako, na nje hakujaungua kwa sababu moto ulikuwa wa wastani. Mabawa yanataka kama dakika 14, kidari chenye mfupa kama 15 hadi 18. Kidari usikipitilize, hakina mafuta yake mwenyewe na hukauka kama maganda ya muhogo. Paja ni kinyume chake, linazidi kuwa laini likikaa zaidi, kwa hiyo ukikosea, kosea kwa kuchelewa.

Dakika hizi ni za jikoni kwangu. Frampeni yako ikiwa nyembamba, au jiko lako la gesi likiwa na moto uliokusanyika katikati tu, zungusha vipande, vya katikati viende pembeni na vya pembeni vije katikati. Ndiyo maana nataka ujue kutazama, si kuhesabu tu.

Utajuaje mfupani kumeiva? Toa kipande kinene kuliko vyote, kifungue kwa kisu pale ulipochanja. Nyama mbichi inang'aa, inateleza, imeshikamana na mfupa na haitaki kuachia. Iliyoiva haing'ai, nyuzi zake zinaachana, na ukisukuma kwa ncha ya kisu inajitenga na mfupa. Kwenye paja la chini angalia kishikio: nyama ikiiva hupanda juu na kuuacha mfupa ukiwa uchi. Kama unaweza kupata kipimajoto cha jikoni, nunua. Kichome kwenye nyama nene bila kugusa mfupa. Nyuzi 74 ndicho kiwango cha usalama, na paja mimi hulipeleka hadi nyuzi 80 na kidogo, ndipo mishipa yake inalainika.

Nimeiacha rangi mwishoni makusudi. Kuku wa kisasa huchinjwa akiwa na wiki tano au sita. Mifupa yake bado ni michanga na ina vitundu, hivyo rangi ya uboho hupenya na kutia wekundu au weusi kwenye nyama iliyoshika mfupa, hasa kama alikaa kwenye friza. Unaweza kumpika hadi nyuzi 85 na bado ukauona wekundu huo. Kwa hiyo siku utakapofuata haya yote, nyama ikawa inaachia mfupa na haitelezi, lakini mfupa una rangi ya damu iliyokolea, mle bila wasiwasi, na umwambie mama mkwe hivyo. Paja la juzi lilikuwa jambo jingine. Kwa dakika kumi na nyama inayotoa majimaji, lile lilikuwa bichi, naye alifanya vizuri kulirudisha.

Kuhusu kuchemsha kwanza, waliokushauri hawajakosea, ila inategemea kuku gani. Kuku wa kienyeji aliyekomaa, au kuku wa mayai aliyestaafu anayeuzwa sokoni kwa bei nafuu, lazima achemshwe, saa moja na hata zaidi, mpaka uma uingie. Huyo ukimtia mafutani moja kwa moja utakula raba. Na hapa Mwanza tuko mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi kama 96 na si 100, kwa hiyo aliyelelewa Dar akija kwako na muda wake wa kuchemsha, muongezee kidogo.

Kuku wa kisasa hahitaji. Ukimchemsha, ladha yake nyingi inahamia kwenye supu na ngozi inachanika. Lakini kuna siku mimi mwenyewe namchemsha: nikiwa na watu 30 na frampeni moja. Namuweka na chumvi, tangawizi na maji kikombe kimoja tu, nafunika, anaiva kwa maji yake mwenyewe dakika 15 hadi 20. Naachia mvuke umkaushe kwenye wavu, kisha mafuta ya moto dakika nne tano kwa ajili ya rangi tu. Anatoka salama, watoto wanampenda, ila ule utamu wa ngozi ya kukaangwa moja kwa moja haupo. Jambo moja usilifanye: kumchemsha nusu asubuhi, ukamwacha kwenye sufuria, ukamalizia jioni. Niliwahi kufanya hivyo kwenye shughuli ya harusi, nikidhani naokoa muda. Jioni nilimfunua akiwa na harufu na povu, sufuria nzima ikaenda jalalani wageni wakiwa wameshakaa. Mwivishe kabisa, au usimguse.

Nitagombana na mama zetu kwa hili, lakini kuku mbichi usimwoshe chini ya bomba. Maji yanaruka na kubeba vijidudu hadi kwenye kachumbari. Kama moyo wako haukubali, mwoshee kwenye beseni taratibu, mbali na vyakula vingine, kisha osha beseni, kisu, ubao na mikono kwa sabuni. Ubao huo usikatie nyanya.

Kama kuna mtu nyumbani alimaliza kipande cha siku ile, shida ikiwepo huweza kujitokeza saa chache baadaye au hata baada ya siku kadhaa. Kuharisha kwa kawaida, mpe maji ya ORS na umwangalie. Akiwa na homa kali, akiharisha damu, akitapika hata maji, au akilegea na kukosa mkojo, mpeleke kituo cha afya usisubiri. Kwa mtoto mdogo, mjamzito au mzee, nenda mapema zaidi, hata kama dalili ni ndogo.

Na nimebaki na swali moja ambalo hukuligusa. Yale mafuta, ulikuwa umeshakaangia sato? Mafuta yaliyotumika yana chembe za unga na ngozi zilizoungua, na yanatia rangi haraka kuliko mapya. Kuku anaweza kuwa kahawia ndani ya dakika nne kwa sababu hiyo peke yake, na harufu ya samaki juu. Siku ukiwa na vyote viwili, kaanga kuku kwanza, chuja mafuta kwa kitambaa yakishapoa, sato afuate.